"Mwenyekiti amekula pesa": posti moja ya Ntimaru, sentensi nne, na shilingi laki nne

Chukua posti hii. Nimeitunga mwenyewe na watu wake hawapo, lakini kila mwenye simu na kundi la mtaa ameshawahi kusoma ndugu yake:

"Mwenyekiti wa kisima chetu hapa Ntimaru amekula pesa za pampu. Tulichanga shilingi 60,000 tangu Machi na mpaka leo hakuna pampu wala risiti. Jiulizeni ile pikipiki mpya imetoka wapi. Kwa maoni yangu mtu huyu hafai kuongoza hata zizi la mbuzi."

Tuseme mwandishi ni kijana wa Likoni aliyefungua duka la vifaa vya ujenzi Ntimaru, kule Kuria Mashariki, kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Anaishi huko, anateka maji huko, na alichanga kama wenzake: nyumba 120, kila moja shilingi 500. Jioni moja mwezi wa Septemba akachoka kungoja, akaiandika posti hiyo kwenye kundi la Facebook la wakazi, kundi lililo wazi kwa yeyote. Kabla ya kulala, binamu yake wa Kisauni alikuwa ameisambaza kwenye ukurasa wake na kuongeza, "Kumbe wezi wako kila mahali."

Baada ya siku kumi ikaja barua ya wakili. Futa, omba radhi hadharani, na ulipe fidia, ama tuonane mahakamani. Kijana akapiga simu nyumbani. "Ami, si nimesema kweli? Kisha nimeandika wazi kuwa ni maoni yangu. Na si kashfa ilishaondolewa?"

Maswali yake ni matatu. Nitaanza na la mwisho kwa sababu ndilo linalowaponza wengi.

Kilichoondolewa ni kitu kimoja tu. Mwaka 2017, tarehe 6 Februari, Jaji Mativo wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 194 cha Sheria ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Kesi hiyo ililetwa na Jacqueline Okuta na mwenzake, ambao walikuwa wameshtakiwa kwa sababu ya mambo yaliyoandikwa kwenye ukurasa wa Facebook wa kuonya wanunuzi. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi alikuwa amekifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano katika kesi ya Geoffrey Andare, kijana aliyeshtakiwa kwa posti ya Facebook iliyomtuhumu mtu kuwadai wasichana ngono ili wapate ufadhili wa masomo. Hukumu zote mbili zilishangiliwa, na kwa haki. Lakini hakuna iliyosema mtu anaweza kuandika atakalo kumhusu mwenzake. Majaji walisema kwamba aliyevunjiwa heshima ana njia ya kudai fidia katika mahakama ya madai, kwa hiyo hakuna haja ya kumtia mwandishi ndani. Mlango wa jela ulifungwa, wa mfuko ukabaki wazi. Katiba yenyewe, kifungu cha 33, inayompa kila mtu uhuru wa kujieleza, inamtaka katika uhuru huo aheshimu haki na sifa za wengine. (Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 ina mambo yake. Hiyo ni makala nyingine.)

Kwa hiyo mwenyekiti anaweza kwenda mahakama ya Kehancha na kufungua madai chini ya Sheria ya Kashfa, Sura ya 36. Atahitaji kuthibitisha nini?

Kwanza, kwamba maneno yalichapishwa. Katika kashfa, kuchapisha maana yake ni kuyafikisha maneno kwa mtu mwingine asiyekuwa yule anayesemwa. Ukimwandikia mwenyekiti peke yake kwenye simu yake ujumbe mkali kuliko huu, umemtukana lakini hujamkashifu. Mtu mmoja mwingine akisoma, inatosha. Hapa wamesoma mamia. Kuifuta posti asubuhi hakufuti kuchapishwa kwa usiku. Kunaweza kupunguza fidia, si zaidi ya hapo. Ila mwenyekiti hawezi kufika mahakamani na skrinishoti akadhani kazi imekwisha. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kwa kifaa gani, na madai mazuri yameanguka kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Pili, kwamba yeye ndiye anayesemwa. Kijana hakutaja jina, na wako wanaoamini hilo ni ngao. Si ngao. "Mwenyekiti wa kisima chetu hapa Ntimaru" ni mtu mmoja, na kila aliyechanga anamjua. Linaloulizwa ni kama msomaji anayewajua watu wa hapo angemtambua, na hapa angemtambua kabla hajafika nukta ya kwanza.

Tatu, kwamba maneno yanamshusha mbele ya watu wa kawaida wenye akili timamu. Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia mahakamani. "Kula pesa" ni kufanya nini? Wakili wa kijana anaweza kujaribu kusema kwamba kula ni kutumia, na kwamba mtu hula mshahara wake, hula sikukuu, hula hata uchaguzi. Sheria haiulizi kamusi inasema nini wala mwandishi alikusudia nini moyoni. Inauliza msomaji wa kawaida alielewa nini. Mkenya akisoma kwamba mwenyekiti amekula pesa za mradi anaelewa jambo moja tu: ameziiba. Sentensi ya tatu nayo, ile ya pikipiki, haidai lolote kwa umbo lake, ni swali tu. Lakini swali lililokaa mara baada ya "hakuna pampu wala risiti" linajijibu lenyewe, na mahakama inasoma posti nzima kwa mfululizo, kama alivyoisoma mtu kwenye kundi. Alama ya kuuliza haimwokoi mtu.

Mwenyekiti afike pia na shahidi, mtu wa hapo aliyesoma na ambaye anaweza kueleza jinsi alivyobadilika katika kumtazama. Mahakama zetu hazipendi kumsikia mdai peke yake akisimulia jinsi watu walivyomdharau. Sifa ya mtu iko machoni pa wengine, basi wengine hao waje waseme.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Ukisoma hukumu za Kenya utakuta uongo umehesabiwa miongoni mwa mambo ya madai: maneno lazima yawe ya uongo. Msomaji anaweza kudhani basi mwenyekiti ndiye atakayethibitisha kwamba hakuiba. Kwa vitendo si hivyo. Sheria inaanza kwa kumchukulia mtu kuwa mwenye sifa njema, na anayetaka kujikinga kwa ukweli ndiye anayeubeba mzigo wa kuuthibitisha. Akisimama kizimbani na kusema "mimi sikuiba", mwenyekiti amefanya sehemu yake. Kilichobaki ni cha kijana.

Ndiyo maana swali lake la kwanza, "si nimesema kweli?", linahitaji kujibiwa polepole.

Utetezi wa ukweli ndio wenye nguvu kuliko zote. Ukithibitika, madai yanakwisha hata kama uliandika kwa chuki tupu na ulifurahia kila herufi. Hakuna anayeuliza nia yako. Lakini una masharti mawili makali. La kwanza ni kwamba ukweli unapimwa kwa yaliyotokea, si kwa uliyoyaamini. "Niliamini kwa dhati kwamba ameziiba" si utetezi wa ukweli. "Kila mtu alikuwa akisema" pia si utetezi, wala "inasemekana". Anayerudia kashfa anaichapisha upya na atatakiwa kuthibitisha kwamba jambo lenyewe ni kweli, si kwamba uvumi wake ulikuwepo. La pili ni kwamba lazima uthibitishe ule mwiba wenyewe, lile jambo linalochoma. Kuthibitisha mengine ya pembeni hakutoshi.

Tuiendeshe kesi yetu basi. Mashahidi wanatoa ushahidi na mambo yanajitokeza hivi. Daftari la mweka hazina linaonyesha kwamba shilingi 60,000 zilichangwa kweli. Mwezi wa Mei mwenyekiti alilipa shilingi 45,000 kwa muuzaji wa pampu mjini Kisii kama malipo ya kwanza, na risiti anayo. Shilingi 15,000 zilizobaki ziko kwa mweka hazina. Pampu ilichelewa kufika kwa muuzaji. Pikipiki aliichukua kwa mkopo, na mkataba wa kulipa kidogo kidogo upo. Lakini pia imejitokeza kwamba tangu Machi hadi Septemba hakuitisha mkutano hata mmoja, aliulizwa mara mbili mbele ya watu akajibu "subirini tu", na ile risiti ilikuwa kwenye droo yake muda wote huo bila kumwonyesha mtu.

Sentensi ya kwanza imeanguka. Hakula pesa. Kijana hana ushahidi wa senti moja iliyopotea, na mwenyekiti ana karatasi. Ya tatu imeanguka pamoja nayo, kwa kuwa jibu la swali lake limepatikana na si lile aliloashiria.

Sentensi ya pili karibu yote imesimama. Shilingi 60,000 ni kweli, Machi ni kweli, pampu kutokuwepo ni kweli. "Wala risiti" si kweli kwa herufi, kwa sababu risiti ilikuwepo. Kilichokuwa kweli ni kwamba hawakuonyeshwa. Tofauti hiyo ni ndogo na tutairudia.

Wakili wa kijana sasa atashika kifungu cha 14 cha Sheria ya Kashfa. Kinasema kwamba maneno yakibeba tuhuma mbili au zaidi zilizo mbalimbali, utetezi wa ukweli hauangushwi kwa sababu tu moja yao haikuthibitika, ikiwa hiyo ambayo haikuthibitika haiongezi dhara la maana kwa sifa ya mdai baada ya zile zilizothibitika. Kwa Kiswahili cha barazani: ukithibitisha kwamba mtu aliua, hutahukumiwa kwa kukosea kusema pia kwamba hakulipa kodi ya nyumba. Lakini kwetu hapa mambo yamegeuka. Kilichothibitika ni uzembe wa kutotoa hesabu. Kisichothibitika ni wizi. Jina la mwizi linaumiza kupita jina la mzembe kwa umbali mkubwa, na kifungu hicho hakiwezi kulibeba. Ukweli mdogo hauwezi kuufunika uongo mkubwa.

Tuje kwenye swali la pili. "Nimeandika kwa maoni yangu."

Sheria ya Kenya inauita utetezi huu maoni ya haki. Uingereza, ambako tuliurithi, iliubadilisha jina: mwaka 2010 mahakama yake ya juu, katika kesi ya Joseph dhidi ya Spiller, iliamua uitwe maoni ya dhati, na sheria yao mpya ya 2013 ikaushika mtindo huo. Kesi ile nayo ilihusu maneno ya mtandaoni. Wakala wa burudani aliandika kwenye tovuti yake kwamba hatachukua tena kazi za kikundi fulani cha muziki kwa sababu hakiheshimu mikataba. Sababu ya kubadilisha jina ina funzo ndani yake, kwa kuwa "haki" hapa iliwapotosha watu. Walidhani maoni lazima yawe ya wastani na ya adabu. Si lazima. Yanaweza kuwa makali, ya kupindukia, hata ya kijinga, mradi mtu angeweza kuwa nayo kwa dhati kutokana na mambo anayoyajua. Hakimu hatakiwi kukubaliana nayo.

Kinachotakiwa ni mambo manne, na yote ni ya kawaida. Yawe maoni kweli, si tukio. Yahusu jambo linalowagusa watu wote wa mahali hapo, na kisima cha nyumba 120 kinawagusa. Yajengwe juu ya mambo ya kweli yaliyoonyeshwa, angalau kwa ufupi, ili msomaji ajue unazungumzia nini. Na yasitoke kwa nia mbaya.

Hilo la kwanza ndilo linalowaangusha watu wa simu. Maneno "kwa maoni yangu" hayana uganga. Ukiandika "kwa maoni yangu ameiba shilingi 45,000", umetaja tukio ambalo lilitokea au halikutokea, na ukili vishe kanzu ya maoni litabaki tukio. Njia rahisi ya kupima ni kujiuliza: je, jambo hili linaweza kuchunguzwa likapatikana kuwa ndivyo au sivyo? Wizi unachunguzika. Pikipiki inachunguzika. "Hafai kuongoza" hakuna mkaguzi wa hesabu atakayeipata kwenye daftari, ni hukumu ya mtu. Na hiyo ya zizi la mbuzi, yote ikiwa ni kejeli, hakuna msomaji wa Ntimaru atakayedhani kwamba mwenyekiti kweli alipewa zizi akashindwa.

Kwa hiyo sentensi ya nne, ambayo pengine ndiyo iliyomchoma mwenyekiti zaidi, ndiyo iliyo salama kuliko zote. Imekaa juu ya mambo yaliyotajwa katika sentensi ya pili: michango ya miezi sita, hakuna pampu, hakuna hesabu. Mtu anaweza kabisa kuona kwamba kiongozi wa namna hiyo hafai. Lakini je, ile "wala risiti" isiyo kweli haiuharibu msingi? Hapa kifungu cha 15 kinasaidia. Kinasema utetezi wa maoni ya haki hauangushwi kwa sababu tu si kila tukio lililotajwa limethibitika, ikiwa maoni yenyewe bado ni ya haki ukitazama yale yaliyothibitika. Ondoa risiti, bado kuna miezi sita ya kimya na mtu aliyekataa kuitisha mkutano. Maoni yanasimama.

Ila wakili wa mwenyekiti anayejua kazi yake hataacha hapo. Atasema sentensi ya nne haikusimama juu ya ya pili peke yake. Imesimama pia juu ya ya kwanza, na ya kwanza ni uongo. Msomaji aliona "hafai" kwa sababu aliambiwa "amekula". Hoja hiyo ina uzito, na mimi nadhani inaweza kumshawishi hakimu. Maoni yaliyo halali kabisa yakipandwa juu ya tuhuma ya uongo huweza kuvutwa chini nayo. Kijana aliandika sentensi moja nyingi mno, na aliiweka mahali pabaya kuliko pote, mwanzoni.

Bado kuna nia mbaya. Utetezi wa ukweli hauijali, lakini wa maoni unavunjwa nayo. Nia mbaya si hasira. Mtu aliyechanga pesa yake ana haki ya kukasirika, na lugha kali peke yake haithibitishi kitu. Inayotafutwa ni dalili kwamba mwandishi hakuyaamini aliyoyaandika, au hakujali kama ni kweli, au lengo lake lilikuwa kumwangamiza mtu na kisima kilikuwa kisingizio. Katika kesi ya Phineas Nyagah dhidi ya Gitobu Imanyara ya mwaka 2013, Jaji Odunga alieleza kwamba nia mbaya inaweza kuonekana pia katika kuyapuuza mambo kwa makusudi au kwa kutojali. Kwa hiyo wakili atamuuliza kijana: ulimwuliza mweka hazina? Duka lako liko umbali gani na nyumba yake? Akijibu kwamba ni mwendo wa dakika tano na hakwenda, jibu hilo litaandikwa. Na kama aliwahi kugombea uenyekiti akashindwa, kisha akamwandikia rafiki yake "mwaka huu namtoa", basi ujumbe huo nao utasomwa mahakamani kwa sauti.

Sasa pesa. Hapa naomba msomaji akae vizuri.

Sheria ya Kashfa ina kifungu cha 16A. Kinamwachia hakimu kukadiria fidia anavyoona ni haki, kisha kinaweka sakafu. Ikiwa kashfa ya maandishi inamtuhumu mtu kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo, fidia isipungue shilingi milioni moja. Ikiwa inamtuhumu kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifungo cha miaka mitatu au zaidi, isipungue shilingi 400,000. Wizi wa kawaida chini ya Sheria ya Adhabu ni miaka mitatu, na wizi wa mali uliyokabidhiwa kwa niaba ya wengine ni mzito zaidi. Maana yake "amekula pesa", maneno mawili, yanavuka mstari huo. Pesa zote za kisima zilikuwa 60,000. Kijana anakabili si chini ya mara sita ya hizo, juu yake gharama za mawakili, kwa kumtetea mchango wake wa shilingi 500.

"Hafai kuongoza" haikaribii sakafu hiyo. Kutofaa si kosa la jinai.

Ningekuwa yeye ningefanya nini na ile barua? Nisingeipuuza, kwa sababu kimya huja kutumiwa kuonyesha ukaidi wakati wa kukadiria fidia. Ningeitenganisha posti kama tulivyoitenganisha hapa. Tuhuma ya wizi ningeiondoa na kuomba radhi kwa maneno ya wazi mahali pale pale nilipoiandika, kwa ukubwa ule ule, si kwa ujumbe wa pembeni. Swali la pikipiki nalo ningeliondoa. Lakini nisingeomba radhi kwa sentensi ya pili wala ya nne, hata wakili wa mwenyekiti akitaka yote. Hapo kijana ana haki yake, na watu wa Ntimaru wana haki ya kusikia kwamba hawajapewa hesabu. Mawakili wa wakubwa hupenda kuifuta posti nzima kwa sababu ya sentensi moja, na wengi wetu tunakubali kwa hofu.

Na kama angeniuliza kabla ya kubonyeza, posti ingekuwa hivi: "Tulichanga shilingi 60,000 tangu Machi kununua pampu ya kisima. Leo ni Septemba, pampu haijafika na hatujaonyeshwa risiti wala kuitwa mkutanoni. Nimemwuliza mwenyekiti mara mbili, akasema tusubiri. Kiongozi asiyetoa hesabu ya pesa za watu kwa miezi sita, mimi naona hafai, na aachie wengine." Kila tukio humo ni kweli kwa herufi. Hukumu inakuja mwisho, baada ya msomaji kuonyeshwa imetoka wapi. Nathubutu kusema ingembana mwenyekiti kuliko ile ya kwanza, maana ile ya kwanza ilimpa nafasi ya kuzungumzia jina lake badala ya risiti. Na kama kweli kijana alishuku wizi, angelipeleka shaka lake kwa naibu wa chifu au kituo cha polisi. Malalamiko yanayopelekwa kwa nia njema kwa mtu mwenye wajibu wa kuyashughulikia yana kinga yake, tofauti na hizi mbili tulizozijadili, na kinga hiyo hupotea ukiyamwaga kwenye kundi lililo wazi kwa dunia nzima.

Amebaki binamu wa Kisauni. Yeye hakuchanga, hajakiona hicho kisima, na hamjui mwenyekiti kwa sura. Alisambaza tuhuma ya wizi na kuitilia mkazo kwa neno "wezi". Kusambaza ni kuchapisha upya, kwa hiyo anadaiwa kwa jina lake mwenyewe, si kama kivuli cha mwenzake. Ukweli hana, kwa kuwa haupo. Maoni hana, kwa kuwa hakueleza jambo lolote alilolijengea. Madai ya kashfa hufunguliwa ndani ya miezi kumi na miwili tangu kuchapishwa, haizidi hapo. Barua yake haijafika, na mwaka haujaisha.